Doa kwenye Jino la Nanyori

Mzee Aminieli Nnko alikuwa na ugonjwa wa kuangalia watu meno. Mgeni akiingia bomani kwake Ndurumeni, juu kabisa mlimani, mzee alikuwa hamtazami usoni wala mkononi. Alisubiri acheke. Mgeni akicheka, mzee alikuwa ameshajua amezaliwa upande gani wa barabara ya lami.

"Wewe ni wa chini," alikuwa akisema, kabla hata mtu hajapewa kiti. "Umenyonya, umeacha, umekunywa maji ya bomba la Njoro mpaka umeingia shule. Nakosea?"

Mara nyingi hakukosea, na hilo ndilo lililomharibu. Watu wa Njoro ya Chini wote walikuwa na meno ya kahawia, mengine yenye mistari myeupe kama chaki, kwa sababu maji yao yana madini mengi ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya mlima. Wa Ndurumeni walikunywa chemchemi nyingine, waliyopimiwa na watu wa maji wakaambiwa haina neno, na meno yao yalikuwa meupe. Mzee Aminieli alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chemchemi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Ungemsikia akiiongelea ungedhani aliichimba kwa kucha zake, hali aliikuta inatiririka kama alivyoikuta babu yake. Yeye mwenyewe alibakiwa na meno manne, lakini yote manne yalikuwa meupe, na aliyapanga vizuri kwenye tabasamu.

Mwanawe Kundaeli alipomleta mchumba, mzee alisubiri acheke. Apaikunda akacheka. Meno ya chai, ya Njoro ya Chini kabisa.

Hakukataa. Binti alikuwa mchapakazi, na Kundaeli alikuwa amepofuka kwa mapenzi. Ila mzee alitoa sheria mbele ya wazee wa pande zote mbili: mtoto wa boma lake hanywi tone la maji ya chini mpaka aote meno ya ukubwani. Mama yake Apaikunda, Bibi Ndeanka, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya korongo, aliuliza kama mjukuu wake akija kumsalimu atapewa mate. Wazee wakacheka. Mzee Aminieli hakucheka.

Apaikunda aliishika sheria ile. Kila alipokwenda kwao alibeba dumu la maji ya Ndurumeni kichwani na mtoto mgongoni, akateremka mlima kwa muda wa saa mbili, akafika nyumbani kwa mama yake mzazi na kupika uji wa mtoto kwa maji aliyokuja nayo, huku mama yake amesimama pembeni amejishika kiuno. Hebu fikiria. Unakwenda kwenu na maji yako kama unakwenda jangwani. Alifanya hivyo miaka saba.

Sasa mtoto huyo, Nanyori, alikuwa na miaka saba na nusu. Meno ya mbele ya utoto yalikuwa yameng'oka, na ya ukubwani, yale mawili mapana ya katikati juu, yalikuwa yameshuka. Jumapili moja baada ya kanisa, mtoto akiwa anamcheka kuku aliyeingia ndani ya kofia ya babu yake, mzee akaona.

Jino la kulia la juu lilikuwa na doa la kahawia.

Kofia ilibaki kwa kuku. "Njoo hapa," mzee alisema. "Fungua mdomo. Fungua zaidi." Akamgeuza mtoto aelekee juani. Doa lile lilikuwepo, kubwa kama punje ya mtama, katikati ya jino.

"Apaikunda!"

Apaikunda alitoka jikoni na mwiko wa makande mkononi. "Abee, baba."

"Hili nini?"

Apaikunda akainama akaangalia. "Nimeliona tangu juzi, baba. Sijui ni nini."

"Hujui. Na mimi je, sijui? Miaka yote hii nasoma meno ya watu, leo nishindwe la mjukuu wangu? Haya ni maji ya kwenu. Ulimnywesha."

"Sikumnywesha, baba."

"Ulimnywesha! Ulikuwa unabeba dumu la kutudanganya sisi, ukifika kule unamwagia migomba!"

Kundaeli, ambaye kazi yake ilikuwa fundi bomba na kwa hiyo alijiona ana haki ya kusema neno kuhusu maji, alifungua mdomo. Baba yake akamtazama. Akaufunga.

Apaikunda aliweka mwiko chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mwenye maneno machache akikasirika unasikia kila neno. "Baba, nimebeba lile dumu mpaka utosi wangu umeota sugu. Mama yangu alikuwa ananiona naosha kikombe cha kwake kabla sijamnywesha mwanangu. Nilimwaibisha mama yangu kwa ajili ya sheria yako. Leo unaniita mwongo mbele ya mtoto?" Akapumua. "Twende kwa daktari wa meno kituo cha afya. Akisema ni maji, nafunga vitu vyangu, narudi kwetu, hutaniona. Akisema si maji, unateremka mpaka kwa mama yangu, unasema kwa mdomo wako kwamba umenisingizia."

"Twende," alisema mzee, bila hata kufikiri. Alikuwa na uhakika kama wa mtu anayekwenda kuchukua chenji yake.

Kundaeli peke yake hakula makande siku ile. Alimpenda mkewe, na alimjua: akisema nafunga vitu, anafunga.

Jumatano walikwenda. Kituo cha afya kipo barabarani, nusu ya njia kati ya juu na chini, na kwenye benchi la kusubiria wakamkuta Bibi Ndeanka ameshafika, amejifunga kanga mbili kama anakwenda kwenye kesi.

"Shikamoo, mkwe," alisema mzee kwa kejeli, maana walilingana umri.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Ndeanka bila kupepesa. "Umekuja kupima meno yako yote manne? Leo tutashinda hapa."

Watu wa kwenye benchi waliinamisha vichwa, mabega yakawatikisika.

"Nimekuja kusikia ukweli," alisema mzee.

"Basi umekuja mbali. Ungekaa na binti yangu jikoni ungeusikia bila nauli."

Mlango ulifunguliwa wakaitwa. Daktari Nembris alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyevaa koti jeupe na ndala. Mzee alimsubiri acheke. Daktari akacheka, na mzee akashtuka: kahawia tupu, tena kahawia ya kutosha, na vishimo vidogo juu yake. Wa Njoro huyu! Aliinamia sikio la Kundaeli. "Tumekwisha. Kesi ya nyani hakimu ni ngedere."

"Nimesikia, mzee wangu," alisema daktari, akivaa glovu. "Ngedere anaomba mtoto apande kwenye kiti."

Nanyori alipanda, akafurahi kiti kilipolala chenyewe. Daktari akawasha taa, akashika kioo kidogo cha mpini, akauliza: "Haya, nani anasema nini hapa?"

Waliongea wote kwa pamoja. Daktari alisubiri wachoke, na aliyechoka mwisho alikuwa Bibi Ndeanka.

"Sawa. Mzee, njoo usimame hapa kwangu. Wewe ndiye mtaalamu, nataka uone mwenyewe. Bibi, kaa pale kwenye dirisha, fungua mdomo."

"Mimi?" alisema Bibi Ndeanka. "Mimi siumwi."

"Ndiyo maana nakutaka. Wewe ni kitabu changu."

Bibi Ndeanka, aliyekuwa akibandikwa majina kwa sababu ya meno yale tangu akiwa msichana, alisita kidogo. Kisha akafungua mdomo mpana.

"Mzee, angalia jino la kulia la katikati. Sasa angalia la kushoto. Yanafanana?"

"Yanafanana."

"Yale yanayofuata huku na huku?"

"Pia. Yote machafu."

"Machafu ni maneno yako. Mswaki unapita hapo asubuhi na jioni, rangi haitoki, kwa sababu haiko juu ya jino, iko ndani yake. Floraidi inaingia mwilini mtoto akiwa mdogo, wakati meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi. Damu inaipeleka kulia na kushoto sawasawa, haina upendeleo. Kwa hiyo meno yaliyojengwa wakati mmoja yanatoka na alama zinazofanana, pacha kwa pacha. Mistari ya kwenda upande, mawingu meupe yasiyo na mpaka, yakizidi ndiyo haya yetu ya kahawia. Lakini ni magumu. Bibi, umewahi kung'oa jino?"

"Hata moja," alisema Bibi Ndeanka, na alipofunga mdomo alimtazama mkwe wake, akahesabu kwa vidole hewani: moja, mbili, tatu, nne.

"Sasa mtoto." Daktari alichukua kipande cha pamba, akayakausha meno ya mbele ya Nanyori, akaelekeza taa. "La kulia lina doa. La kushoto je?"

Mzee aliinama. Akavua miwani, akaivaa. "La kushoto ni jeupe."

"Tafuta wingu. Tafuta mstari."

Mzee alitafuta kama mtu aliyeangusha sindano. Akaangalia kulia kwa lile, akaangalia kushoto, akaangalia na ya chini. Yalikuwa meupe, yanateleza, safi kama alivyoyatamani siku zote.

"Hakuna," alisema, kwa sauti ndogo.

"Na doa lenyewe lina mpaka, unaona? Limeishia hapa na hapa, kama kiraka kwenye suruali. Maji hayachagui jino moja yakaacha pacha wake. Mzee wangu, hili si la maji. Mama mtoto hakumnywesha chochote."

Apaikunda alikuwa amesimama mlangoni, na mkoba aliokuwa ameushika kwa mikono miwili aliuachia mkono mmoja.

Bibi Ndeanka ndiye aliyepiga kigelegele. Muuguzi wa chumba cha jirani alikuja kuchungulia kama kuna aliyejifungua.

"Basi limeoza," alisema mzee, akitafuta pa kushika. "Mdudu wa meno."

"La, hili halijaoza, ni gumu na uso wake ni laini. Kuoza nitakuonyesha, maana nako kupo." Daktari alisogeza kioo nyuma ya mdomo. "Magego ya utoto. Ona hapa karibu na ufizi: weupe wa chokaa usiong'aa, chini ya ukoko wa uchafu. Hapo ndipo kuoza kunaanzia, pale uchafu unapokaa. Na hili la pili limeshafika mbali, lina shimo, limelainika. Nani anampa mtoto pipi?"

Nanyori alinyoosha kidole akiwa bado amefungua mdomo. Kidole kilimwelekea babu yake.

"Kila siku?"

Nanyori akaonyesha vidole viwili.

"Mimi ni babu yake," alisema mzee.

"Na mimi ndiye nitakayeziba," alisema daktari. "Mchana na usiku mnapigana juu ya doa lisilomuuma mtu, na huku nyuma kuna shimo hakuna aliyeliona. Haya. Doa la mbele ni hitilafu ya ganda la jino. Kuna kitu kililigusa lilipokuwa linajengwa ndani ya fizi. Mara nyingine jino la utoto lililolitangulia liliota usaha, mara nyingine lilipigwa likasukumwa ndani ya fizi, likaenda kuligonga hili linalojengwa. Mara nyingine hatujui, na hatutajua. Mtoto aliwahi kuanguka na mdomo? Akiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu?"

"Hapana," alisema Apaikunda. "Hajawahi kuanguka hivyo. Aliumwa na nyuki tu mdomoni, alipokuwa na miaka miwili. Nilikuwa na mizinga yangu."

"Nyuki?" Daktari alikunja uso. "Sidhani. Labda, lakini sidhani."

Mzee Aminieli alikuwa ameanza kuvaa kofia yake, na akaivaa nyuma mbele.

Kwa maana yeye alijua. Hakuwa ameikumbuka siri hiyo asubuhi ile, wala Jumapili ile ya kuku. Alikuwa ameifukia vizuri kiasi cha kupasahau penyewe. Sasa ilimjia yote. Siku ile wageni wa kamati walikuja kuona tangi jipya la chemchemi, na yeye alimbeba Nanyori mabegani ili wageni wamwone mtoto aliyelelewa na maji ya Ndurumeni. Wageni walipotangulia kuondoka, aliinama kwenye bomba la tangi apate funda moja, kwa kuringa tu, hakuwa na kiu. Mtoto akapita juu ya kichwa chake akaangukia mdomo kwenye ukingo wa saruji. Damu. Jino moja la mbele lilikuwa limezama kwenye fizi, limebaki ncha.

Alimwosha hapohapo kwa maji yake matamu. Mdomo ulipovimba alimpeleka nyumbani, akamwambia Apaikunda, aliyekuwa akitoka shambani mbio: nyuki. Nyuki wako wamemuuma. Apaikunda akauliza: jino liko wapi? Akamjibu: uvimbe umelifunika. Na lile jino, kwa huruma ya Mungu, lilishuka lenyewe pole pole miezi iliyofuata, likawa la kijivu kidogo, na hakuna aliyeuliza tena.

Lakini Apaikunda aliiondoa mizinga yake yote minne siku ya pili yake. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Aliigawa kwa jirani, akilia, na asali aliyokuwa akiuza ikaishia hapo.

Daktari aliziba gego, akampa mama mtoto maelezo ya mswaki, akasema doa la mbele halina haraka: mtoto akitaka siku moja, litafunikwa kwa dawa ya rangi ya jino, na asipotaka alale nalo salama. Wakashukuru. Kisha wakasimama nje, na wote wakamtazama mzee.

"Ahadi," alisema Bibi Ndeanka. "Nyumbani kwangu ni huku chini. Tumia miguu au tumia bodaboda, mimi nitakusubiri hata kesho kutwa."

Alitumia miguu. Njia nzima mzee alijipangia. Ahadi ilikuwa ni kusema amemsingizia, basi. Daktari mwenyewe alisema mara nyingine haijulikani. Nani amlazimishe mtu mzima kujua kisichojulikana?

Kwa Bibi Ndeanka majirani walikuwa wameshajaa. Sijui walipata habari vipi, lakini Njoro habari haihitaji simu. Mzee alipewa kiti kizuri na kikombe cha chai ya rangi, ya maji ya bomba la chini, iliyojazwa mpaka mdomoni.

"Usiogope, mkwe," alisema Bibi Ndeanka. "Meno yaliyokwisha kuota hayabadiliki. Na kwako hakuna cha kubadilika."

Mzee akanywa. Ilikuwa chai kama chai nyingine. Akasimama, akavua kofia. "Nimemsingizia Apaikunda," alisema. "Alibeba maji. Hakunidanganya. Nisameheni, na wewe mkwe nisamehe."

Wakapiga makofi. Bibi Ndeanka alipiga kigelegele cha pili, na mtu akaanza kugawa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Ilikuwa imekwisha. Mzee alikaa, akauona mlango, akapima hatua za kuufikia.

Hapo akamwona Apaikunda. Watu wote walikuwa wanamfurahia yeye, na yeye alikuwa amekaa kwenye kona na Nanyori mapajani, anampapasa mdomo kwa kidole gumba. Machozi yanamtiririka.

"Unalia nini sasa?" aliuliza mama yake. "Umeshinda!"

"Ni nyuki wangu, mama. Daktari hakutaka kuniumiza tu. Ule uvimbe ulikuwa mkubwa, ndio uliosukuma jino. Nimembebea maji miaka saba nisimharibu, kumbe nilishamharibu kwa mizinga yangu mwenyewe."

Mzee alisimama tena. Watu walidhani anaaga.

"Hakuna nyuki," alisema.

"Baba?"

"Hakukuwa na nyuki. Nilimwangusha mimi. Kwenye tangi. Nilikuwa nimembeba niwaringie wageni, nikainama kunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo, akaangukia saruji." Aliishika kofia kwa mikono miwili. "Nilikuogopa. Ulikuwa umeniachia mtoto ukaenda shambani, hukuuliza hata mara mbili. Nikasema nyuki. Nimekuona unaitoa mizinga ya baba yako, nikanyamaza. Halafu nikasubiri miaka mitano, nikakuita mwongo wewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Ndeanka akaweka bakuli lake la loshoro chini.

Apaikunda alimtazama baba mkwe wake. Mzee hakukaa. Alijua akikaa itaonekana kama ameshasamehewa.

"Nani mwingine anajua?" Apaikunda aliuliza.

"Hakuna. Na mtoto mwenyewe alikuwa mdogo mno."

"Mimi najua sasa," alisema Nanyori, kwa fahari, akiligusa doa lake kwa ulimi. "Babu aliniangusha. Nitawaambia wote shuleni."

"Waambie," alisema mzee. "Waambie na mwalimu."

Apaikunda alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mizinga haiji bure kutoka kwa jirani, baba. Nyuki wameshamzoea yeye. Utakwenda kumwambia wewe, kwa mdomo wako, kama ulivyosema hapa. Akikataa, utakwenda tena."

"Nitakwenda kesho."

"Nenda leo. Mimi nitalala hapa kwa mama, na mtoto." Akamwinua Nanyori, akamweka begani. "Ukiwa na mizinga yangu, njoo utuchukue."

Mzee alivaa kofia, akatoka, akaanza kuupanda mlima.